Kumwambia Mzee la Kufanya

Majina ya wote niliowauzia viatu sokoni Kariokor ninayo kichwani mpaka leo, ila hapa siandiki hata moja. Naandika habari ya asubuhi moja tu, sebuleni kwangu mtaani Huruma, na mjukuu wangu anayesomea biashara.

Alikuwa ameanguka mtihani mara ya kwanza. Mwalimu wake akampa nafasi moja tena, saa nne kamili, kwa kompyuta. Akianguka tena, anarudia mwaka. Saa tatu akaniomba nimsikilize kwanza.

Wanapewa kesi, yaani hadithi ya kampuni yenye shida, nao wamshauri mwenye kampuni. Hii ilikuwa ya mzee mwenye karakana ya viatu vya ngozi. Akaanza na hali: supamaketi imeagiza jozi nyingi kuliko mafundi wanavyoweza kushona kwa mkono. Kisha uchambuzi: wateja wanafuata ule mshono, na fundi mzuri hapatikani kwa wiki moja. Halafu njia tatu: anunue mashine, akatae oda, au achukue nusu yake huku akifundisha mafundi wapya. Zote akazipima kwa vipimo vilevile: ubora, muda, na hatari ya kumtegemea mnunuzi mmoja. Nilielewa kila kitu, mimi niliyeishia darasa la tatu.

Akamaliza hivi: "Kwa hivyo mzee anaweza kufikiria mojawapo, kulingana na atakavyoona."

"Sasa afanye nini?" nikamuuliza.

"Kukhu, si ni yeye mwenye kampuni." Kukhu ndiyo bibi, kwa lugha ya kwetu.

Moyo ukanishuka. Nilimlea mimi, kwa desturi ya kwetu magharibi: mtoto hamwambii mzee la kufanya. Nilimfinya mara nyingi alipojisahau.

Nikamwambia, "Huyo mzee amekuita umshauri. Ukinyamaza, umemtupa."

Akafuta slaidi ya mwisho, akaandika upya. Ilibaki robo saa. Nikasahau hata dawa yangu ya presha mezani.

Saa nne mwalimu akatokea kwenye kompyuta, akamsikiliza mpaka pendekezo: achukue nusu ya oda, afundishe mafundi wanne kwa miezi mitatu, asinunue mashine. Akaeleza kwa nini ameziacha zile njia mbili, na kwamba viatu vikianza kurudishwa, mzee apunguze oda mara moja.

"Na mwenye kampuni akisema ameshaamua kununua mashine?" mwalimu akauliza.

Mjukuu wangu hakuitazama kompyuta, alinitazama mimi. Nikageuza uso ukutani, asije akasubiri ruhusa yangu.

"Nitamwambia, mzee wangu, kwa heshima, hapo unakosea. Halafu nitamwekea mbele kiatu cha mkono na cha mashine, aangalie mishono."

Mwalimu akaandika kitu, muda mrefu kweli. Kisha akamwambia amepita.

Alifunga kompyuta polepole. Nilidhani atalia. Badala yake akaiona ile dawa.

"Kukhu, meza hiyo sasa hivi. Si baadaye."

Nikameza.