Paja la Pili

Jumatano, tarehe 18 Juni 2014. Lililothibitika kuhusu siku hiyo ni hili: mapaja yote mawili ya fundi wa paa aliyeitwa Kenchi yalitiwa msumari, chuma kirefu cha kushikisha mfupa uliovunjika kwa ndani, katika kikao kimoja, juu ya meza moja, na aliyekuwa akikabidhi vyombo alikuwa dada yake wa tumbo moja.

Dada huyo alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji cha hospitali ya wilaya. Wenzake walimwita Mama Vyuma, kwa kuwa hakuna aliyezijua seti za vyombo vya mifupa kama yeye. Alikuwa mwanamke mnene wa hatua fupi, mwenye sauti ya chini, ambaye hakuwahi kuolewa na hakupenda kuulizwa sababu. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyembeba Kenchi mgongoni huku akipika. Kenchi alipokuwa mtu mzima, mrefu kuliko mlango, dada bado alimwambia, "Mtoto, ulikula?" naye Kenchi alijibu bila kuona haya, "Nimekula, dada, ila naweza kurudia."

Jumatatu Kenchi alianguka kutoka kwenye paa la ghala. Ubao ulimponyoka chini ya mguu, akatua kwa miguu. Fupa la paja la kulia lilikatika katikati, likawa vipande vipande. La kushoto lilikatika chini zaidi, jirani na goti. Alipofikishwa hospitalini alikuwa amepoteza damu nyingi, presha iko chini. Wakamwekea damu, wakamvuta miguu kwa uzito wa mifuko ya mchanga, wakangoja mwili utulie. Kufikia Jumatano asubuhi presha ilikuwa imesimama vizuri.

Daktari wa mifupa alikuwa mtu mkavu, asiyependa maneno ya pembeni. Alimkuta Mama Vyuma tayari amesimama kwenye beseni, anasugua mikono hadi kwenye viwiko.

"Sista, mwiko ni mwiko. Hatushughulikii ndugu zetu."

"Mwenzangu anayeijua seti hii yuko likizo ya uzazi, daktari. Unamtaka nani? Yule wa macho akukabidhi kibano cha kope?"

Daktari alitazama sakafu. "Ukitetemeka, unatoka."

"Nikitetemeka nitajitoa mwenyewe."

Mpango ulikuwa wazi, na kila aliyekuwamo aliusikia. Wangeanza paja la kulia. Mwili ukistahimili, wangeendelea na la kushoto. Usipostahimili, la kushoto lingeshikwa kwa fremu ya nje, vyuma vya kupita kwenye ngozi, mgonjwa arudi wodini, msumari ungoje. Mfupa mrefu una uboho wenye mafuta mengi. Tundu lake linapopanuliwa kwa kekee, chuma cha kuchimbia, mafuta hayo husukumwa kwenye mishipa ya damu na kwenda mapafuni. Mapafu ya mtu mzima hustahimili kiasi. Mapaja mawili ni mafuta maradufu, na mifupa iliyovunjika ilikuwa imeshavujisha yake tangu Jumatatu. Kwa upande mwingine, kumlaza mtu wiki nzima na paja lisilotulizwa nako kuna hatari yake: mafuta yaleyale, vidonda vya mgongo, damu kuganda miguuni. Hakukuwa na njia isiyo na mwiba.

Kenchi alichomwa sindano ya ganzi ya uti wa mgongo, akiwa amelazwa ubavu na kupewa dawa kidogo ya kutuliza maumivu. Kwa hiyo, kuanzia kiunoni kushuka chini alikuwa gogo; kutoka kiunoni kupanda juu alikuwa Kenchi.

"Dada uko wapi? Navisikia vyuma vyako."

"Niko miguuni pako. Nyamaza upumue."

"Wakinifungua leo wamalize yote. Hiyo sindano ya mgongo sirudii, hata kwa kuchinjiwa fahali."

"Tutausikiliza mwili wako, siyo mdomo wako."

Mzee wa usingizi, mtaalamu wa ganzi mwenye mvi aliyekaa kichwani pa mgonjwa, alicheka ndani ya barakoa yake. "Huyu tumlaze ulimi kwanza."

Daktari alipasua pembeni, juu kidogo ya nyonga. Alitafuta kwa kidole ncha ya kile kinundu kikubwa ambacho mtu hukigusa akijilaza ubavu. Misumari iliyokuwapo ilikuwa imepinda kidogo upande wa juu, nayo huingilia kwenye ncha hiyo. Msumari ulionyooka ungeingilia ndani zaidi, kwenye kishimo kilicho nyuma ya ncha, sambamba na tundu la mfupa. Ukiutia msumari wa aina moja kwenye mlango wa mwingine, mfupa hukaa mshazari au hupasuka. Mama Vyuma alikabidhi msharasi mwembamba wa kutobolea kabla hajaombwa. Mashine ya eksirei ilizungushwa, ikatazama kwa mbele, ikatazama kwa ubavu. Tundu lilikuwa mahali pake.

Waya mrefu wa kuongozea ukashuka ndani ya fupa, ukavuka palipovunjika, ukasimama juu ya goti. Kisha ikaja kazi ya kekee. Katika chumba kile ilikuwa desturi kwamba anayekabidhi kekee hutaja kwa sauti ukubwa wake wa milimita, na hakuna mwingine anayesema mpaka itoke.

"Tisa."

Kekee ikaingia polepole, ikatoka na makapi mekundu.

"Tisa na nusu."

"Kumi."

Kwenye kumi ilianza kukwaruza, dalili kwamba imegusa ukuta mgumu wa ndani. Daktari hakuiharakisha. Kekee butu au inayosukumwa kwa pupa huchoma mfupa na kupandisha msukumo wa mafuta. Wakafika kumi na moja na nusu, wakatia msumari wa kumi, ili upite bila kulazimishwa. Daktari aliugonga kwa nyundo.

"Dada," Kenchi alisema, "huyo anapiga kama kibarua wangu wa kwanza. Mwambie mkono ulegee."

Daktari, ambaye hakuwa na tabia ya kucheka, alilegeza mkono.

Mfupa ulikuwa vipande vipande, hivyo ulifungwa kwa skrubu juu na chini, usifupike wala usizunguke. Ungekuwa umekatika sawasawa kama muwa, wangeweza kuacha tundu refu la upande mmoja lipokee skrubu inayoteleza, ili mgonjwa anapokanyaga mfupa ujibane. Skrubu za juu zilifuata matundu ya kishikio kilichoushika msumari. Za chini zilitafutwa kwa jicho: mashine ilisogezwa hadi tundu la msumari likaonekana duara kamili, ndipo ncha ya kekee ikawekwa katikati ya duara hilo. Kwa kawaida mguu mzima huwa kipimo cha mguu uliovunjika, usije ukafungwa umegeukia nje. Kenchi hakuwa na mguu mzima. Wakalitazama goti lielekee dari, wakalinganisha umbo la kinundu kidogo cha ndani ya paja, wakaridhika.

Ilikuwa wakati wa kushona ndipo mashine ya kupima oksijeni ilipobadili mlio. Namba ilishuka kutoka tisini na saba hadi themanini na tisa.

Katika chumba kile jambo hilo halikuwa geni. Klipu ya kidoleni ilikuwa kuukuu, imefungwa plasta, na ilikuwa na tabia ya kuteleza kidole kikipoa. Wauguzi walishazoea kusema jambo moja, na Mama Vyuma alilisema huku mikono yake ikiwa safi, imeinuliwa kifuani:

"Ni hiyo klipu. Ihamishie sikioni."

Mzee wa usingizi aliihamisha. Kwa mkono wa pili, bila kungoja, akafungua zaidi mtungi wa oksijeni. Namba ikapanda: tisini na mbili, tisini na tano.

Daktari aliinua macho. "Sista, unaonaje? Mzee?"

"Mapigo yamepanda kidogo," mzee alisema. "Presha ipo."

"Kenchi," dada aliita. "Unajisikiaje?"

"Usingizi tu, dada."

Alikuwa amepewa dawa ya kutuliza. Usingizi ulikuwa na maelezo. Mama Vyuma alilitazama paja la kushoto, lililovimba kama mto wa kulalia, akaliona likining'inia wiki nzima kwenye fremu, na sindano ya mgongo ikirudiwa. "Tumalize," alisema.

Wakaingilia gotini, kwa kuwa mvunjiko ulikuwa chini na njia ile haikudai kumgeuza mgonjwa. Goti likakunjwa, waya ukapita kwenye shimo la katikati ya vifundo viwili vya mwisho wa fupa, mbele ya pale ukano wa nyuma unapojishika. "Tisa," alianza tena. "Tisa na nusu." Msumari ukaingia, ukafungwa. Ulikuwa mzuri. Picha za eksirei zote mbili ni nzuri hata leo.

Alhamisi mchana Kenchi alianza kuhema haraka. Mkewe, aliyekuwa amemletea uji, alimfuata Mama Vyuma korido nzima akikimbia.

"Wifi, njoo. Anazungumza mambo yasiyoeleweka."

Kenchi alimtazama dada yake akamwita mama. Akamuuliza kama mbao zimefika. Mama Vyuma alimwinua mkono, akaona kwapani vidoa vidogo vyekundu kama vya sindano. Akavuta kope la chini, na ndani yake vilikuwapo. Hakuhitaji kuitiwa mtu wa kumweleza kwamba mafuta ya mifupa yamefika mapafuni na kwenye ubongo. Aliita kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake. Wakampa oksijeni, wakamtia bomba kooni, wakamuunganisha na mashine ya kupumulia. Dawa ya kuyeyusha mafuta hayo haipo. Mwili husaidiwa kupumua, ukangojwa. Mwili wa Kenchi ulingojwa hadi Ijumaa, jua likiwa kichwani, ukachoka.

Baada ya maziko, wanawake wengine walipokwenda kuosha vyombo, mjane alibaki na Mama Vyuma chumbani. Alikuwa ameshika fulana ya kazi ya mumewe, yenye vumbi la mbao mabegani.

"Wifi, wewe ulikuwemo. Mimi nilikuwa nje ya mlango. Nani aliyeamua la pili?"

"Daktari aliuliza. Mimi nikasema tumalize."

"Uliona kitu?"

"Namba ilishuka. Nikasema ni klipu."

Mjane alikunja fulana, akaikunjua. "Kwa nini umeniambia? Ningeweza kuishi bila kujua."

"Ungeishi. Mimi nisingeweza kukutazama."

Mjane hakumfukuza wala hakumkumbatia. Alisema, "Uji umeisha. Nitapika mwingine," akatoka.

Daktari alimwita Mama Vyuma ofisini kabla hajarudi kazini. Alimwambia kwamba uamuzi ulikuwa wake, wala si wa muuguzi, na kwamba kuna watu waliotiwa msumari mmoja tu wakafa vivyo hivyo, na wengine waliotiwa miwili wakaenda zao kwa miguu. Kwamba mafuta huanza kutoka siku ya kuvunjika, kabla kekee haijaonekana. Alisema hayo yote akiwa ametazama dirisha. Mama Vyuma alimshukuru, akaomba ahamishiwe chumba cha plasta. Alikubaliwa. Alifanya kazi huko hadi alipostaafu, akifunga mikono ya watoto, na mtu akimsifu kwa ulaini wa plasta zake, alijibu tu, "Haya." Wifi yake humtembelea siku za sikukuu. Hukaa pamoja, hula, na la Jumatano halitajwi.

Klipu ilitupwa mwaka uleule. Mzee wa usingizi, alipoulizwa miaka baadaye, alisema alifanya mambo mawili kwa wakati mmoja, mkono huu na huu, na hakumbuki lipi lilitangulia. Kwa hiyo haijulikani kilichoipandisha namba, kama ni klipu kukaa vizuri sikioni au oksijeni kumfikia mtu ambaye tayari alikuwa anazama. Haijulikani pia kama Kenchi angeishi lau lile paja la pili lingeachwa.