Nyimbo Zilizopitishwa na Kamati

Nuriat alikuwa na mazoea ya kubandika jina kwenye kila kitu. Waya wa spika ya kushoto ulikuwa na karatasi yake, wa kulia yake, na hata mfuko wa kuwekea karatasi hizo uliandikwa kuwa ni mfuko wa karatasi. Umeme wa vyombo alijifunza katika chuo cha ufundi. Kunyamaza alijifunza dukani kwa Mzee Kirit, mjini Bukoba, anayekodisha spika na mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti, kwa sherehe. Kwa miaka miwili alifunga na kufungua vyombo ambavyo wengine walivipiga. Harusi ya Ashura wa Bilele na Haruni wa Muleba ndiyo ya kwanza kukabidhiwa peke yake.

"Hii ukiiweza, binti, mikisa ni yako," Mzee Kirit alimwambia. "Ukiharibu, utarudi kwenye waya. Mimi sina maneno mengi."

Nuriat alitengeneza orodha ya nyimbo sitini na mbili katika programu ya muziki ya simu yake, akizipanga kwa kufuata ratiba: kuingia kwa bibi harusi kwanza, kisha wazazi, keki, zawadi, na mwisho watu kujimwaga. Akaituma kwa mwenyekiti wa kamati ya harusi, Mzee Buberwa, baba mdogo wa bwana harusi, ambaye aliwahi kuwa karani wa chama cha ushirika na hakuwa amestaafu moyoni.

Mzee Buberwa alipiga simu asubuhi iliyofuata.

"Nimeiona. Nzuri. Lakini si shirikishi."

"Kwa vipi, mzee?"

"Imetungwa na mtu mmoja. Wajumbe wangu watano wa muziki hawawezi kuongeza hata wimbo. Ukoo utasemaje?"

Nuriat alimweleza kwa utaratibu kwamba, katika programu ile, mtu akishapewa ruhusa ya kuongeza wimbo, anakuwa amepewa na ruhusa ya kuuondoa na kuuhamisha, hata kama hakuuweka yeye. Hakuna ruhusa ya nusu.

"Sisi ni watu wazima, waitu," alisema mwenyekiti, akimbembeleza kwa Kihaya. "Lete ruhusa."

Nuriat akamtumia linki ya mwaliko, akisisitiza kuwa yeyote atakayeifungua ataingia, hivyo iishie kwa wale watano. Mzee Buberwa alielewa vizuri sana. Kisha akaiweka katika grupu la WhatsApp la wachangiaji wote, watu mia moja na arobaini, na kuandika chini yake: "Kwa wajumbe watano tu."

Hadi Ijumaa orodha ilikuwa na nyimbo mia tatu na nane. Upande wa Bilele uliongeza kaswida na taarabu; upande wa Muleba ukajibu kwa ngoma za nyumbani, na wajomba wakaongeza rumba ambazo hakuna aliyeziomba. Mtu mmoja aliweka mahubiri ya dakika arobaini. Hayo yote Nuriat angeyavumilia. Kilichomnyima raha ni kwamba wimbo wa bibi harusi kuingilia ulitoweka.

Akaurudisha. Ukatoweka. Akaurudisha tena, na safari hii ukaondoka na wimbo wa wazazi.

Ashura alimpigia akiwa karibu kulia. "Dada Nuriat, mimi bila wimbo ule sishuki kwenye gari. Nawaambia kabisa. Watanikuta humo humo."

Programu ile huonyesha jina la aliyeongeza wimbo, lakini aliyeuondoa haimtaji. Pengo hilo kamati ililijaza kwa bidii. Bilele walisema ni Muleba, hawapendi taarabu. Muleba walisema ni Bilele, wanajifanya watu wa mjini. Ikaitishwa kamati ndogo ya uchunguzi, ikakutana Kemondo, katikati ya njia, ili pasiwe na upande unaosafiri zaidi ya mwenzake, na ikatumia saa mbili kuamua nani aandike muhtasari. Mwishowe Bi Mwajuma, shangazi wa bibi harusi, mwanamke asiyezunguka mbuyu, alimtazama Nuriat, aliyeitwa kutoa maelezo.

"Orodha ni ya nani?"

"Ipo kwenye akaunti yangu, shangazi."

"Basi mwizi tunaye. Anaondoa zetu abakize zake. Mwenyekiti, tafuta mtu mwingine wa muziki. Mwanza wamejaa."

Wajumbe walitikisa vichwa kwa masikitiko ya watu waliopata nafuu. Mzee Buberwa, tumpe haki yake, aliomba apewe hadi kesho atafakari.

Nuriat aliinamia karatasi zake. Alikuwa na nakala ya orodha ya kwanza kwenye karatasi, na kila asubuhi alipofungua duka aliweka alama kwenye nyimbo zilizopotea. Hazikupotea ovyo. Zilipotea kuanzia juu kwenda chini, kumi kumi, na kila wimbo aliourudisha mahali pake, kule juu, uliondoka na kumi za siku iliyofuata. Huyu hakuwa adui. Adui hana nidhamu namna hii.

Kikao kilipotawanyika, alimfuata mwenyekiti.

"Mzee, wewe orodha unaitumiaje?"

"Naifanyia kazi!" Mzee Buberwa alitoa daftari lenye mistari iliyopigwa kwa rula. "Kila siku nasikiliza kumi. Wimbo ukinifaa naandika 'umepitishwa', halafu nabonyeza vile vidoto vitatu, naondoa. Faili likishashughulikiwa linatoka mezani. Na simu yangu isijae."

Nuriat alisoma daftari. Wimbo wa Ashura ulikuwa wa kwanza. Umepitishwa. Umepitishwa tena. Umepitishwa mara ya tatu.

"Ukiondoa kwako, mzee, unaondoka kwa wote. Orodha ni moja."

Mzee alifunga daftari. "Kwa hiyo zilizobaki..."

"Ni zile ambazo kamati haijazipitisha."

Jioni hiyo grupu lilipokea tangazo: aliyekuwa akiondoa nyimbo amebainika, ameonywa kwa siri, na kwa busara ya mwenyekiti fundi ataendelea na kazi. Vikafuata vidole gumba tisini. Kwa kuwa hakutajwa mtu, kila mmoja alijua ni Nuriat.

Yeye aliwaondoa washiriki wote katika orodha, mmoja mmoja, akianza na mwenyekiti. Hakutuma linki nyingine. Alirudisha nyimbo zake mahali pake, akachagua ishirini kati ya zilizoongezwa na pande zote mbili, akazipakua zote kwenye simu ili ukumbi wa Muleba ukikosa mtandao yeye asikose muziki.

Siku ya harusi Ashura alishuka kwenye gari bila kusukumwa. Bi Mwajuma alipita karibu na mikisa akamgusa Nuriat bega. "Umejirekebisha, mwanangu. Mzee Kirit nitamwambia." Maneno yale yalimchoma Nuriat kuliko tusi.

Mara mwenyekiti akafika, jasho likimtiririka. "Binti, kamati tunaingia sasa hivi, na wimbo wetu siuoni kwenye simu yangu. Niruhusu niuongeze."

"Ruhusa sitoi, mzee. Nitauweka mimi mwenyewe. Kwanza nenda kamwambie Bi Mwajuma ni nani aliyeonywa."

"Hapa? Na suti hii?"

"Nakusubiri."

Mzee Buberwa aliitazama kamati yake, wanawake na wanaume thelathini wenye vitambaa vya rangi moja, wamesimama mlangoni wakiwa tayari kucheza. Kisha akaenda. Nuriat hakusikia neno. Aliona tu mkono wa mzee ukijigusa kifuani, na Bi Mwajuma akiinama kwa kicheko hadi akashika kiti, halafu akigeuka kumwambia jirani yake, na jirani jirani yake.

Nuriat akauongeza wimbo, akauhamishia mahali panapostahili, akapandisha sauti. Kamati ikaingia ikicheza, mwenyekiti mbele, na meza nzima ya Bilele ikimpigia makofi na kumwita kwa jina.