Hesabu ya Vikombe vya Abdulghani

Kahawa ya Abdulghani wa Nguvumali ilikuwa chungu hata mbuzi mmoja aliyelamba masimbi yake, yale machicha ya chini ya birika, alikesha wiki nzima akihesabu nyota. Ukibisha, kamuulize mbuzi. Lakini sifa ya mtu huyu haikuwa kahawa, ilikuwa kichwa. Watu arubaini wapite barazani kwake, yeye anajua nani kanywa vikombe vingapi tangu asubuhi.

Mwaka jana moyo wake mwenyewe ulimdunda kaketi tu, du-du-du. Mkewe Asmahani akasema jini. Yeye akaenda zahanati. Nesi Ritha akampima, akamhoji, mwisho akauliza, "Baba, kila birika unalionja?"

"Nisipoonja nitauzaje, mwanangu?"

Akaambiwa apunguze kuonja, alale vya kutosha. Dundo likaisha. Ila Ritha alimkazia jambo moja: "Moyo ukienda mbio na kifua kikabana, au pumzi ikakata, au ukasikia kuzimia, usingoje upoe. Hospitali, saa hiyo hiyo."

Wenzake walishika lile la kahawa tu. Tangu hapo baraza zima likawa madaktari.

Alhamisi moja, baada ya Alasiri, Miraji fundi cherehani aliweka karata zake chini.

"Moyo unanikimbia, jamani."

"Kahawa hiyo!" Yasini, aliyekuwa akicheza naye, akacheka. "Punguza ulafi, unakunywa kama ng'ombe."

"Kajinyooshe, utapoa," akasema mwingine.

Abdulghani akapiga hesabu yake. Miraji, leo: hata kimoja. Akamtazama. Jasho lilimtiririka ingawa kivuli cha jioni kimeshatanda barazani, mkono kifuani.

"Kinabana?"

"Kinabana, ami. Na macho yanaingia kiza."

"Huyu hajagusa kikombe leo!" Abdulghani akanguruma. "Na hata angemaliza birika zima, kifua kikibana hakuna kungoja. Yasini, acha meno nje, ita bajaji!"

Akampakia, akamkumbatia njia nzima, miguu peku. Ile bajaji, nakwambieni, iliwapita kunguru angani.

Hospitali walimvisha Miraji nyaya kifuani. Mapigo mia na tisini kwa dakika, naye kalala! Daktari akampa dawa ya mshipani, macho yote kwenye mashine. Mistari ikakimbia, ikasita, ikatulia.

"Mmefanya vyema kumleta," daktari akasema. "Atabaki hapa tumwangalie, tujue chanzo."

Abdulghani akakaa chini, sakafuni hasa. Miraji akafumbua macho, akamwona.

"Ami, birika umemwachia nani?"

Abdulghani akashika kichwa. Kile kichwa kisichosahau kikombe kilikuwa kimesahau birika motoni. Liliungua likawa jeusi tititi, na moshi wake ulionekana mpaka Horohoro, kule mpakani.

"Nimeuachia moto," akasema. "Lala."