Mgongo wa Gauni Jeupe

Mama mmoja wa Rubona aliniletea kitambaa cheupe nimshonee gauni, hapa kwenye cherehani yangu Gisenyi. Nikampima, akakaa kungoja. Binti yake aliyeko Ubelgiji ndiye angenitumia maelezo.

Ujumbe ukaingia, Kifaransa kitupu. Mimi Kifaransa changu ni cha sokoni, na sikati kitambaa cha mtu kwa kubahatisha. Nikamuuliza mama. "Uliza yeye," akasema.

Nikaandika: "Samahani dada, nimeelewa mikono mirefu na shingo ya duara. Ila hapo kwa mugongo sijaelewa. Tafadhali unielezee tena kwa maneno rahisi, hata kwa Kiswahili."

Nikatuma, nikaiweka simu juu ya cherehani.

Jibu likaja: "Asante kwa kuuliza. Mugongo usishone, uache wazi toka juu mpaka chini. Atavalishwa akiwa amelala."

Nguo za kuzikia nimeshona nyingi, lakini mvaaji mwenyewe hajawahi kuja kupimwa.

"Amekujibu?"

"Ndiyo, mama."

Akasimama, akanyoosha mikono. "Bon, nipime tena, mutoto yangu. Upunguze kidogo. Ile siku nitakuwa nimekonda."