Nyota Kubwa Niliyoizidishia Umri

Wiki ile vita havikuninyima usingizi. Tulishavizoea kidogo, kama mtu anavyozoea jirani mlevi. Kilichonikesheza ni sentensi moja niliyoiandika mwenyewe ubaoni na kuipigia mstari kwa rula: "Nyota kubwa huishi miaka mingi kuliko ndogo, kwa sababu ina haidrojeni nyingi ya kuunguza."

Je, ni kweli?

Nilikuwa nimerudi Butembo na shahada ya fizikia na nusu ya madaftari yangu. Nusu nyingine ilibaki Kisangani siku tulipokimbia. Somo la nyota lilikuwa limekatika katikati ya ukurasa, na pale lilipokatika nilijazia kwa akili yangu. Mwenye gunia kubwa la makaa hupika siku nyingi, basi na nyota ni hivyo hivyo. Wanafunzi wakanakili. Kwetu kunakili si mchezo: kichwa cha somo kwa kalamu ya bik nyekundu, maelezo kwa bluu, na kikishaingia daftarini kimekuwa kama Maandiko.

Baya zaidi, wa mji wa Beni walinakili pia. Shule moja ya kule haikuwa na mwalimu wa fizikia, kwa hiyo kila Ijumaa prefe wetu, mkuu wa shule, aliwapelekea daftari langu kwa lori. Jumatatu iliyofuata mkaguzi angewauliza wanafunzi wa shule hiyo, kumi na wanne, mmoja mmoja, kwa mdomo, na kuamua kama mwaka wao unahesabika. Watu walisema mkaguzi huyo anapenda maswali ya nyota.

Alhamisi alfajiri niliamka nikaanza kupiga hesabu. Ukurasa uliofuata wa daftari lile lile, uliotoka kwa profesa, ulisema kwamba nyota yenye uzito wa majua kumi hutoa mwanga mara kama elfu tatu kuliko wa jua. Mafuta mara kumi, matumizi mara elfu tatu! Jua litaishi miaka kama miliari kumi, yaani milioni elfu kumi. Kubwa ile, umri wake ni sehemu moja ya mia tatu ya hapo, milioni thelathini hivi. Nikageuza hesabu upande wa wadogo. Nyota nyekundu yenye uzito wa sehemu ya kumi ya jua hutoa mwanga wa sehemu ya elfu moja tu, au chini ya hapo. Hiyo ingeishi mara mia kuliko jua.

Nilikuwa nimefundisha kinyume. Katika miji miwili.

Asubuhi nilimwendea prefe, mzee wa koti moja na kalamu tatu.

"Mwalimu," akasema, "ile watoto wameandika na bik, hapana kufuta. Leo unafuta nyota, kesho batanifuta miye."

"Mais, Mzee, ni uongo," nikapinga.

"Ni uongo ya mbali. Nani atapanda kuangalia?"

"Mukaguzi, Jumatatu."

"Batu ba Beni wakianguka mtihani, watasema ni daftari ya Butembo." Aliinuka, akalifunga dirisha kana kwamba Beni yote inasikiliza. "Fanya vile moyo unakuambia. Lakini miye hapana kukutuma."

Siku nzima ya Ijumaa nilifikiri. Nikinyamaza, labda mkaguzi mwenyewe hajui. Na kama anajua? Nikiandika barua, labda lori halitafika. Nikienda mwenyewe, wanafunzi wale, wengi wa umri wangu kwa sababu ya miaka iliyoliwa na vita, watanicheka. Nilichora upya somo lote kwenye karatasi kubwa: duara kubwa la bluu, duara dogo jekundu, na mishale. Jumamosi, nikiwa bado sijaamua lolote, nilijikuta juu ya mifuko ya maharagwe, lori linateremka kwenda Beni na joto linaongezeka kila kona.

Kwenye bariere, kizuizi cha barabarani, askari alikunjua karatasi yangu. Akaitazama muda mrefu.

"Hii ni ramani ya nini?"

Hapo tu ndipo nilipoiona kwa macho yake. Bluu kubwa, nyekundu ndogo, mishale inaingia katikati, namba pembeni. Mtu mwenye wasiwasi kama mimi, nilikuwa nimewaza mambo yote isipokuwa hili.

"Ni nyota, afande. Somo."

"Na hii mishale? Nani anashambulia nani?"

"Hakuna, afande. Ni uzito. Nyota inajikandamiza yenyewe."

"Bluu ni ya upande gani?"

"Ya mbinguni, afande. Bluu ni moto mkali kupita nyekundu. Kama chuma kwa mufuaji: kwanza kinakuwa nyekundu, kikizidi moto kinakuwa nyeupe."

Akakwaruza kidevu. "Donc, kumbe huyu mukubwa anashinda."

"Hapana. Mukubwa njo anakufa wa kwanza. Uzito wake unakandamiza tumbo, tumbo linapata moto sana, chakula kinaisha mbio. Muloko, ule mudogo, anakula polepole. Tangu dunia yote ianze, hakuna hata mumoja wa bale baloko alishakufa na uzee."

Askari aligeuka, akamtazama mkubwa wake aliyelala kwenye kiti chini ya hema, tumbo likipanda na kushuka. Akanirudishia karatasi, meno yote nje.

"Pita, mwalimu. Somo hii ni nzuri."

Jumapili baada ya misa wanafunzi kumi na wanne walikuja darasani. Mbele alikaa binti wa msafirishaji, kitambaa kichwani, daftari wazi. Nilipotazama ukurasa wa nyota niliona, pembeni mwa sentensi yangu yenye mstari, maneno ya kalamu ya risasi: "Lori ya baba iko na tanki kubwa kupita pikipiki. Mais nani anakunywa mafuta mbio?"

"Uliandika lini?" nikamwuliza.

"Siku ile ile, mwalimu. Nikaogopa. Nikaiacha ile yako ya bik."

Darasa likacheka. Nikahisi masikio yanawaka kama nyota ya bluu.

"Lakini lori iko na dereva wa kukanyaga moto," akaendelea. "Nyota, nani anakanyaga?"

Swali hilo lilikuwa bora kuliko somo langu lote. Nikatundika karatasi. "Uzito wake. Hakuna mwingine. Vitu vyote vya juu vinalalia katikati. Ili isibomoke, katikati lazima pawe na moto sana, na ukizidisha joto kidogo tu, haidrojeni inaungua mbio kabisa. Ndogo haina uzito wa kujikandamiza hivyo."

"Na ikimaliza ya katikati?"

"Jua linaacha sehemu kubwa ya haidrojeni yake nje, haifiki motoni. Ile ndogo nyekundu inajikoroga yote, kama majani ya sombe mu chungu. Ya juu inashuka, ya chini inapanda, karibu yote inaungua. Ile mara mia inaongezeka tena. Inaishi maelfu ya miliari ya miaka."

Kijana wa nyuma akasema, "Mwalimu, ile siku uliandika somo, ulikuwa umekula?"

Wakacheka tena. Ajabu ni kwamba sikufa. Nilikuwa nimeogopa kicheko kile kilomita hamsini nzima, na kilipofika kilikuwa kifupi.

"Toeni bik," nikasema. "Ile sentensi yenye mstari, futeni. Andikeni ya huyu dada, kisha mutie jibu."

"Tufute na rula, mwalimu?" akauliza binti.

"Na rula."

Nikachukua daftari langu mwenyewe, nikaikata sentensi yangu kwanza, mbele yao, mistari miwili.