Kabla ya Kuizima Swichi

Swichi inayounganisha kompyuta za hospitali yetu ya mlimani, juu ya mji wa Moshi, ilikuwa ikikata mtandao wa maabara karibu kila wiki. Kila mara sisi mafundi wa kompyuta tuliizima na kuiwasha, ikapona, na watengenezaji wakatujibu kwamba bila ushahidi hawawezi kusaidia.

Asubuhi moja ilikata tena. Mkuu wa maabara, mama wa makamo, alikuja mbio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Izime basi, baba, wagonjwa wanasubiri majibu!"

"Nikiizima, rekodi za hitilafu zitafutika. Nipe dakika kumi tu."

Alikunja uso, kisha akaanza kuandika majibu kwa mkono. Nikachomeka kebo, nikaiamuru swichi ikusanye taarifa zake zote kwenye faili moja, nikalihamishia kwenye laptopu, ndipo nikaizima na kuiwasha tena.

Mchana niliwaandikia watengenezaji: namba ya swichi, toleo la programu, saa ilipokata, poti, yaani matundu ya kebo, zilizoathirika, na jinsi memori yake ilivyokuwa imejaa. Nikaambatisha faili.

Kesho yake walikiri kwamba programu yao ilikuwa na kasoro ya kula memori, wakatutumia toleo jipya. Mtandao ukatulia. Yule mama aliniletea mkungu wa ndizi kutoka kihambani kwao, shamba la migomba la nyumbani, nikaubeba begani hadi nyumbani nikitabasamu.