Turubai la Msiba Juu ya Walio Hai

Nilikuwa mtunza vyombo wa chama chetu cha kuzikana, pale mtaani Kasulu. Chumba changu cha uani ndicho kilikuwa stoo ya mali ya chama: turubai moja kubwa, masufuria, sahani, majembe. Mwanachama akifiwa, kila nyumba ilileta unga, maharage, kuni na mchango wake. Wanaume walichimba kaburi, sisi tulipika. Sitasema mpango ule ulikuwa mbaya. Waliokuwa wabaya ni watu, na baadhi yao nawachukia mpaka leo.

Jirani yangu wa ng'ambo ya barabara alikuwa na mtoto mchanga. Wazazi wa mama huyo walitoka Burundi zamani. Yeye alizaliwa huku na alikuwa raia kama mimi. Lakini Mtabila, kambi ya wakimbizi wa Burundi, ilikuwa imefungwa mwaka uliotangulia, na midomo ya watu ilikuwa michungu: Mrundi ni Mrundi, arudi kwao. Mume wake ndiye aliyekuwa wa kwanza kushika jembe kila tulipofiwa. Makaburini hakuna aliyemuuliza kwao ni wapi.

Alasiri moja ilishuka mvua ya mawe na upepo. Bati zao ziling'oka, ukuta wa tofali mbichi ukaanza kumeguka. Nilimkuta mama yule amejikunyata chini ya meza, amemfunika mtoto kwa kifua chake. Sikumuuliza mtu. Nilifungua stoo, nikatoa turubai, na mimi na mumewe tukalifunga juu ya kuta zilizobaki kabla giza halijaingia.

Asubuhi mwenyekiti wetu, mama muuza mitumba, alisimama mlangoni kwangu.

"Mwakeye," nilimsalimu.

Alinyoosha kidole ng'ambo ya barabara. "Nani amekufa kule?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi turubai la msiba linafanya nini juu ya watu wenye pumzi? Unawaitia kifo?"

"Walikuwa wanalowa, mama. Na ni wanachama."

"Ni wanachama wa kuzikana. Wakifa tutawazika."

Siku mbili baadaye mzee mmoja wa chama alifariki. Kabla sijatuma mtu, baba yule alishalifungua turubai kwa mikono yake, akalibeba mpaka msibani, kisha akaenda kuchimba. Mkewe akaja kupika nasi, mtoto mgongoni, nyumba yao wazi kwa mbingu. Mwenyekiti alilitazama turubai, akasema kwa sauti ya kusikika, "Chini yake amelala mzazi na kichanga. Lifueni." Tukalifua, wafiwa wakisubiri kwenye jua.

Baada ya mazishi akaitisha kikao. Nilijua nimeitwa nihukumiwe, kwa hiyo nikatangulia kusema. Nilisema tuongeze mchango kidogo, tuuweke kando, usichanganywe na wa msiba. Huo uwe wa nyumba iliyoezuliwa, iliyoungua, au mgonjwa wa kukimbizwa hospitali. Tununue na turubai la pili.

"Kifo kina mwisho," mwenyekiti alijibu. "Mtu hufa mara moja. Shida za walio hai zina mwisho gani? Leo bati, kesho ada ya shule, keshokutwa mtu kafukuzwa na mumewe. Siku nikifiwa mimi, nitakuta mfuko mtupu."

Hapo alisema kweli, na nilimchukia zaidi kwa kuwa alisema kweli. Nikajibu kwamba ndiyo maana nimetaka mifuko miwili, na mambo yatajwe kwenye katiba: moto, mvua, hospitali, basi.

"Na sisi tuwajengee Warundi?" akauliza mwanamume wa nyuma.

Baba yule aliinama. Mkewe hakuinama. Alisimama, akasema, "Shemeji, kaburi la mama yako nani alilichimba?"

Mwenyekiti akaitisha kura. Mikono ilipohesabiwa, nyumba nane tu zilikuwa upande wangu. Mwenyekiti akanyoosha kiganja nimpe ufunguo wa stoo, na wiki ile ile vyombo vikahamishiwa kwake.

Nyumba nane tulianza mfuko wetu. Wale wengine wakatutumia ujumbe kwamba anayetaka mambo mapya atoke, ajizike mwenyewe. Hatukutoka. Tuliendelea kuchangia kule na kuchangia huku, tukabana matumizi, na kila msiba tulifika mapema ili wasipate la kusema. Walipata hivyo hivyo. Wanawake niliopika nao miaka mingi walihamisha mafiga nikikaribia.

Turubai la kwanza tulilonunua kwa mfuko huo halikukaa stoo. Lilikwenda moja kwa moja kwa jirani, likakaa juu ya kuta zake mpaka tulipomalizia bati. Kazi ile tuliifanya wenyewe, siku mbili. Wale wengine walipita barabarani wakitutazama kama watu wanaoiba. Mwenyekiti alipita pia, na kitenge chake kipya kichwani. Hakunisalimu. Nami, nikiwa nimeshika ngazi, sikumsalimu.